Rangi ikikugeukia, tafuta sifuri iliyodondoka

Ukinakili namba ya rangi kutoka programu ya picha na kuibandika kwenye tovuti, mara nyingi hupati taabu. Taabu huanza pale mteja anapokutumia rangi kwa hesabu tatu za kawaida, yaani nyekundu, kijani na bluu, nawe unataka kuiandika kwa tarakimu sita. Nawashauri vijana ninaofanya nao kazi hapa Mombasa waijue hesabu hii kwa mkono, maana kosa lake kubwa halitoi onyo lolote.

Tuchukue duka la leso la Mtaa wa Biashara. Mwenye duka anataka kichwa cha tovuti kifanane na pindo la leso yake, buluu ya bahari iliyokolea, na namba yake ni `#0A6E8C`. Igawe vipande viwili viwili: 0A ni nyekundu, 6E ni kijani, 8C ni bluu. Hizi ni namba za mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo baada ya 9 tunaendelea na herufi: A ni 10, B ni 11, hivyo hivyo hadi F ambayo ni 15. Tarakimu ya kwanza izidishe kwa 16, kisha ongeza ya pili. 0A inakuwa 10. 6E ni 6 mara 16, yaani 96, ongeza 14 upate 110. 8C ni 128 na 12, jumla 140. Rangi yetu basi ni 10, 110, 140.

Kurudi nyuma unagawanya kwa 16: jibu zima ndilo tarakimu ya kwanza, baki ndiyo ya pili. 140 kwa 16 ni 8, baki 12, basi 8C. 110 ni 6, baki 14, basi 6E. Sasa angalia 10: jibu ni 0, baki 10. Ile 0 lazima iandikwe. Ukiandika A peke yake utapata `#A6E8C`, tarakimu tano, na kivinjari hakitambui rangi ya tarakimu tano. Kitaipuuza na kutumia rangi nyingine iliyokuwapo. Hapo angalau utashtuka.

Balaa ni pale sifuri mbili zinapodondoka. Chukua 10, 5, 140, buluu nzito karibu na ya usiku. Iliyo sahihi ni `#0A058C`. Bila sifuri inabaki `#A58C`, na tarakimu nne zinakubalika: ni ufupisho ambao tarakimu ya nne inaonyesha rangi ipenyeze mwanga kiasi gani. Kivinjari kitarudia kila tarakimu na kusoma AA, 55, 88, CC, yaani 170, 85, 136, zambarau iliyopauka, tena inayopenyeza kidogo. Hakuna onyo, na mteja atakuambia tu kwamba hii si rangi yake. Ukikuta rangi ya ajabu namna hiyo, hesabu tarakimu kwanza kabla hujagusa kitu kingine. Kama namba inatengenezwa na JavaScript, sifuri iongezwe hapo hapo:

```
n.toString(16).padStart(2, "0")
```

Ufupisho wa tarakimu tatu nao una kanuni moja: kila tarakimu hurudiwa. `#07A` ni `#0077AA`, yaani 0, 119, 170. Wapo wanaodhani inaongezwa sifuri baada ya kila tarakimu, iwe 70 na A0. Ingekuwa hivyo, `#FFF` ingeishia 240 kila upande na isingefika nyeupe kamili. Kwa kurudia, F inakuwa FF, 255. Kwa hesabu ya kawaida ni kuzidisha tarakimu kwa 17.

Kwa hiyo si kila rangi ina ufupisho. `#336699` inafupishwa kuwa `#369` bila kupoteza chochote, kwa kuwa kila kipande kina tarakimu mbili zinazofanana. Buluu ya pindo letu haifupiki. Ukitaka iliyo karibu, usikate tu tarakimu za kwanza. Gawanya kila hesabu kwa 17 na uchukue namba nzima iliyo jirani zaidi. 10 inatoa 1, 110 inatoa 6, 140 inatoa 8, basi `#168`, ambayo ni 17, 102, 136. Kwa njia hii hutapotoka zaidi ya 8 kwa kila upande, ilhali kwa kukata unaweza kupotoka hadi 15.

Mimi rangi ya mteja siifupishi kwa kukadiria. Tarakimu tatu zilizookolewa hazina uzito wowote kwenye ukurasa, lakini mwenye leso ataweka simu kando ya pindo na kulinganisha.