Nikimkataza ndiyo anafanya: maswali yenu kuhusu ukinzani wa nafsi

Mume wangu ana presha na daktari kamwambia apunguze chumvi. Nikisema tu "usiongeze chumvi", mkono ushafika kwenye kikopo. Ananikomoa? (Mama wa Langoni, Lamu)

Pengine hata mwenyewe hajui kwa nini anafanya hivyo. Kila mtu mzima ana mambo anayoyahesabu kuwa yako mikononi mwake, na chakula kilicho mbele yake ni mojawapo. Jambo hilo likiguswa, nafsi hutaka kulirudisha, na njia ya mkato ni kufanya lile lile lililokatazwa. Aliyeieleza nadharia hii ni mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Brehm, mwaka 1966. Sisi tunaiita ukinzani wa nafsi. Kabla hujasema neno, kuongeza chumvi kulikuwa mazoea tu. Ulipokataza, kukawa njia ya kuonyesha kwamba sahani ni yake.

Ukinzani huu una vitu viwili, hasira na hoja za kupinga. Watafiti Dillard na Shen walionyesha mwaka 2005 kwamba viwili hivyo vimesukwa pamoja kama ukili, huwezi kuvuta kimoja ukaacha kingine. Ndiyo maana kumwongezea sababu, "utapata kiharusi wewe!", hakusaidii. Kila sababu mpya anaisikia kama amri mpya, na jibu lake liko tayari kabla hujamaliza kusema.

Kwanza hakikisha kwamba tatizo ni ukinzani kweli. Mtengee kikopo chake cha mezani, utie vijiko vya chai sita vilivyosawazishwa. Siku nne mwambie kama kawaida, kisha upime kilichobaki. Kijaze tena sita, siku nne nyingine usiseme lolote, upime tena. Mapishi yasibadilike siku zote nane, na siku za wageni usizihesabu. Ikiwa siku za kimya zimetumika chumvi kidogo zaidi, maneno yako yalikuwa yanamsukuma. Ikiwa ni sawa sawa, basi ni ulimi uliozoea chumvi. Hapo dawa ni kuipunguza chunguni kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, mpaka ulimi uzoee.

Kama ni ukinzani, badilisha mambo matatu. Usiseme chakula kikiwa mezani, kwa sababu hapo uamuzi uko mkononi mwake na neno lako litatua juu ya mkono huo. Sema mchana, na uanze kwa kuomba ruhusa: "Baba watoto, naweza kukuambia alilosema daktari, au tuliache leo?" Akisema tuliache, liache kweli. Halafu mpe taarifa bila amri: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyo ndani ya ng'onda na achari. Mwisho muulize swali lenye uchaguzi wa kweli: "Kesho nikupikie samaki mbichi kwa ndimu na pilipili, au ng'onda tuiloweke usiku na kumwaga maji?" Njia zote mbili zinapunguza chumvi, na anayechagua ni yeye.

Wengi huharibu siku ya tatu. Mume amepunguza, mke anasema, "Si nilikwambia!" Papo hapo ushindi unakuwa wa mke, na kikopo kinarudi mezani.

Vijana wanachora ukuta wangu wa uchochoroni. Nimeandika kwa rangi nyekundu: MARUFUKU KABISA KUANDIKA HAPA, FAINI SH 5,000. Sasa wanaandika juu ya tangazo lenyewe. (Mwenye nyumba, Mkomani)

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 1976 Pennebaker na Sanders walibandika vibao katika vyoo vya chuo kimoja Marekani. Vingine vilikataza kwa ukali, vingine viliomba kwa upole. Vingine vilitiwa saini ya mkubwa wa ulinzi, vingine ya mtu wa cheo kidogo. Vilivyochorwa zaidi ni vile vikali vyenye cheo kikubwa chini yake.

Tangazo lako lina makosa yote mawili, na la tatu juu yake: unatishia faini ambayo huna uwezo wa kuitoza, na vijana wanalijua hilo. Paka chokaa ukuta mzima, kwa sababu mchoro mmoja unaualika mwingine. Kisha andika kwa herufi ndogo, "Tafadhali msituandikie ukutani. Ahsanteni, wenye nyumba." Hilo halitamzuia aliyekuja na kopo la rangi akijua anachotaka. Linapunguza wale waliochora kwa sababu tu walikatazwa.

Nasikia ukimwambia mteja "lakini ni hiari yako" ananunua zaidi. Ni kweli au maneno ya mjini? (Nahodha wa dau, Shela)

Ni kweli, ila kwa kiasi. Mwaka 2000 huko Ufaransa, Guéguen na Pascual waliwaomba wapita njia pesa za nauli ya basi. Walioombwa tu, asilimia 10 walitoa. Walioongezewa kwamba wako huru kukubali au kukataa, asilimia 47.5 walitoa. Mwaka 2013 Carpenter alikusanya majaribio 42 ya namna hii na kuona kwamba mbinu inasaidia, lakini hupungua nguvu ikiwa mtu hatekelezi papo hapo. Kwa hiyo mgeni anayelipia safari ya Manda Toto sasa hivi atakuelewa. Anayesema "nitarudi kesho", usimtegemee sana.

Ukishasema hiari yake, usimfuate mpaka mlango wa hoteli. Hapo unaitafuna hiari uliyompa, na anakukwepa zaidi ya vile ambavyo angekukwepa usingesema kitu.

Binti yangu kapenda kijana nisiyemtaka. Watu wananiambia nikimkataza ndiyo nitamsukumia kwake. (Baba, Muyeye, Malindi)

Wanaokwambia hivyo wana utafiti wa Marekani wa mwaka 1972 nyuma yao, uliosema upinzani wa wazazi huongeza mapenzi. Uliporudiwa na kuchapishwa mwaka 2014, jambo hilo halikuonekana. Wachumba waliokataliwa na ndugu na marafiki walikuwa na uhusiano dhaifu zaidi. Ukinzani unaweza kumfanya binti atoroke jioni moja. Hauzai mapenzi. Mweleze shaka yako mara moja, ukitaja jambo la kijana uliloliona mwenyewe, kisha umwache azungumze. Methali ya guu kuvunjika iweke kando. Ni tishio, na alishaisikia.

Mbona mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku 2017 hatukugoma? (Mwenye duka, Malindi)

Kwa sababu marufuku ya tarehe 28 Agosti ilionekana haina mlango wa kutokea. Laurin na wenzake waliona mwaka 2012 kwamba watu hupatana na katazo wanaloamini limeshaamuliwa kabisa, hata wakalitafutia uzuri. Lile linaloweza kubadilika ndilo hupigwa vita.

Lakini hata katazo lililoamuliwa kabisa huacha alama. Mji wa Miami, Marekani, ulipopiga marufuku sabuni zenye kemikali ya fosfeti miaka ya 1970, akina mama wa huko waliisifu sabuni iliyoondolewa kuliko wenzao wa mji wa Tampa waliokuwa bado wanaipata madukani. Sabuni ilikuwa ile ile. Hata hivyo, katazo lisilo na mlango ndilo lenye vita kidogo, kwa hiyo ukitaka kuacha kukopesha dukani kwako, usitangaze "kwa sasa hatukopeshi". Hilo neno "kwa sasa" ndilo litakaloleta ubishi kila jioni.