Sarafu za zamani: majibu kwa picha mlizotuma

Nimepata senti kumi yenye tundu katikati, imeandikwa EDWARDVS VIII, mwaka 1936. Nimesikia mfalme huyo hakukaa mwaka. Je, ni utajiri? (Msomaji, Kisumu)

Ulichosikia ni kweli. Edward wa Nane alitawala kuanzia Januari 1936 akajiuzulu Desemba mwaka huohuo, kabla hajatawazwa. Sarafu za Uingereza zenye sura yake ni adimu sana, na hapo ndipo uvumi ulipoanzia. Lakini senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki hazikuhitaji sura. Zina jina lake tu kuzunguka tundu, na zilitolewa kwa mamilioni. Iliyochakaa kama yako huuzwa dola moja au mbili. Bei hupanda kidogo ikiwa haijawahi kutumika na bado ina wekundu wake wa kiwandani.

Bibi ametuachia reale ya fedha yenye sura ya mwanamke, 1780. Sonara anataka kuinunua. (Msomaji, Mombasa)

Huyo ni Maria Theresa wa Austria. Alifariki 1780, na tangu hapo sarafu hiyo iliendelea kupigwa chapa kwa mwaka uleule hadi karne ya 20, kwa sababu wafanyabiashara wa Oman, Yemen, Uhabeshi na pwani yetu waliiamini hiyo tu. Kwa hiyo 1780 haikuambii umri wake. Nyingi thamani yake ni fedha iliyomo: uzito wa gramu 28 hivi, na sehemu 833 kati ya 1000 ni fedha safi. Ipime, kisha mwulize sonara bei ya gramu siku hiyo. Nitumie pia picha ya ukingo, maana ya kweli ina maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyochomoza. Katika picha yako naona alama ya kitanzi cha mkufu juu ya kichwa. Wakusanyaji wengi wataikataa kwa hilo, lakini fedha yake haijapungua.

Nina Heller 20 ya Mjerumani, 1916, ina herufi T. Imepigwa vibaya, upande mmoja umefifia. Niisafishe kabla ya kuuza? (Msomaji, Nzega)

Tafadhali usiiguse. Hii ndiyo sarafu iliyonifurahisha kuliko zote safari hii.

T ni Tabora. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza meli za Waingereza zilifunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani zikakoma kuja, na Wajerumani wakaanza kutengeneza zao katika karakana ya reli karibu na Tabora. Shaba waliipata hata kwenye maganda ya risasi. Wabelgiji waliuteka mji Septemba 1916, kazi ikaishia hapo.

Mitambo haikuwa ya kazi hiyo, ndiyo maana chapa ni dhaifu. Mkusanyaji anajua hivyo na hapunguzi bei sana kwa ajili yake. Anachopunguzia ni uchakavu, na viwili hivi hutofautishwa kwa mwanga. Weka sarafu dirishani, mwanga uje kwa ubavu, upige picha bila flashi. Palipochakaa huwa laini na panateleza, hasa sehemu zilizoinuka kama taji. Ambapo chapa haikufika, uso wa shaba hubaki na ukwaruzo wake wa asili.

Mwanga huohuo utamwonyesha mnunuzi mistari ya kusuguliwa. Ukiipaka limau au dawa ya kung'arisha, utapata rangi ya waridi isiyo ya kawaida na mistari midogo isiyofutika, na bei inaweza kushuka hata nusu.

Sasa rangi. Ya njano ndiyo iliyo nyingi, ya shaba nyekundu ni chache zaidi na hutafutwa. Tazama pia ukubwa wa taji na umbo la herufi mbili za L katika neno HELLER. Kalibu zilikuwa zikivunjika na kuchongwa upya, na baadhi ya michanganyiko hiyo ni adimu. Picha uliyotuma haionyeshi L vizuri. Piga nyingine kwa karibu, pande zote mbili.

Kuna kijana anasema rupia yangu ya Mjerumani inavuta mchele, na mnunuzi yuko tayari kutoa mamilioni, ila nilipie kwanza kipimo. (Msomaji, Morogoro)

Usimpe hata shilingi. Rupia ni fedha, na fedha haivuti mchele wala sindano. Mnunuzi wa kweli hujilipia vipimo vyake.

Wewe pima mwenyewe kwa mizani ya sonara: rupia moja ina gramu 11.66, upana wa milimita 30 na kidogo, na haishikwi na sumaku. Ikipungua nusu gramu bila kuchakaa, ishuku. Kisha nitumie picha ikiwa juu ya mizani, namba zikisomeka, na nyingine ya upande wenye mwaka.