Rupia 8.40 si rupia nane na senti arobaini

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Niko Tukuyu, ninanakili kwenye Excel daftari la duka la miaka ya 1902 hadi 1908, kabla karatasi hazijaoza. Lina safu ya Rp. na safu ya P., na mbele zaidi P. inageuka kuwa H. Nimechapa kila bei kama desimali, yaani Rp. 4 P. 48 ni 4.48. Lakini jumla zangu hazilingani na za daftari. Mhasibu mmoja ameniambia karani wa zamani alikuwa anageuza tarakimu, nirekebishe tu. Nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba. Usirekebishe hata tarakimu moja. Karani alikuwa sahihi, na ushauri uliopewa ndio unaoharibu madaftari mengi ya zamani katika mikoa yetu hii.

Rupia ya Wajerumani iligawanywa kwa pesa 64 hadi mwaka 1904, ndipo ikawekwa kwenye hela 100. Kwa hiyo ile 48 katika safu ya P. ni 48 kwa 64, ambayo ni robo tatu ya rupia. Thamani yake ni 4.75. Nukta uliyoiweka kati ya safu mbili imegeuza vipande vya sitini na nne kuwa vipande vya mia, na tangu hapo hesabu nzima imepinda.

Tuchukue mistari mitatu tuone. Rp. 4 P. 48, Rp. 2 P. 40, Rp. 1 P. 16. Ukichapa kwa mtindo wako unapata 4.48 + 2.40 + 1.16, jumla 8.04. Karani naye alijumlisha pesa kwanza: 48 na 40 na 16 ni 104. Akatoa 64, akazifanya rupia moja, zikabaki pesa 40. Rupia zikawa 4 na 2 na 1, pamoja na ile moja iliyopanda, jumla 8. Akaandika Rp. 8 P. 40. Sasa weka 8.40 yake kando ya 8.04 yako. Mtu yeyote aliyezoea kukagua vitabu ataapa kwamba 4 na 0 zimebadilishana nafasi.

Hapo ndipo mhasibu wako alipoteleza, na si yeye peke yake. Wahasibu hufundishwa kwamba tofauti ya jumla mbili ikigawanyika kwa 9, tafuta tarakimu zilizopishana. Tofauti hapa ni 36, na 36 inagawanyika kwa 9. Lakini hiyo 36 inatoka kwingine kabisa: ni 100 kutoa 64. Kila mara karani alipopandisha rupia moja kutoka safu ya pesa, jumla yako inabaki nyuma ya yake kwa 0.36. Akipandisha mbili, utabaki nyuma kwa 0.72, tatu, kwa 1.08. Zote zinagawanyika kwa 9, kwa hiyo kanuni hiyo haiwezi kukusaidia hapa, itakudanganya kila ukurasa. Dalili ya kweli ni hii: daftari likizidi jumla zako kila mara, wala lisipungue, na tofauti zote zikawa 0.36 au mafungu yake, basi tatizo ni kigawanyo chako.

Tenga safu mbili kama zilivyo kwenye karatasi, A kwa rupia na B kwa pesa, kisha safu ya tatu iwe ya desimali. Fomula ya juu ni ya pesa, ya chini ni ya hela:

```
=A2+B2/64
=A2+B2/100
```

Ile mistari mitatu itakupa 4.75, 2.625 na 1.25, jumla 8.625. Zidisha 0.625 kwa 64 upate pesa 40, sawasawa na karani. Usikate desimali mapema. Pesa moja ni 0.015625, kwa hiyo nafasi sita zinatosha kuishika bila kupoteza chochote. Ukiikaribisha kuwa 0.02, pesa 64 zitakupa rupia 1.28.

Nusu na robo zina kanuni yake: nusu ni ya safu ilimoandikwa. 10½ katika safu ya P. ni 10.5 kugawa kwa 64, yaani rupia 0.1640625. 12½ katika safu ya H. ni 0.125. Na unapochapa nusu, andika 10.5 moja kwa moja, kwa sababu ukiandika 1/2 peke yake Excel huigeuza kuwa tarehe bila kukuuliza.

Mahali daftari linapohama kutoka P. kwenda H. usiende kwa mwaka pekee. Soma kichwa cha safu katika kila ukurasa, na pale kilipofutika tazama namba yenyewe. Safu ya pesa haipiti 63. Ukikuta 70 au 85, umeshaingia kwenye hela. Ukurasa mfupi wenye namba ndogo tupu hautakuambia kitu, hivyo uamue kwa kurasa zilizo kabla na baada yake, na kwa jinsi jumla ya chini inavyokubali.

Sasa niseme linaloniudhi zaidi, maana daftari lako likipita mikononi mwa wasiojali ndivyo litakavyoishia. Kuna watu wanaolipwa kwa ukurasa kuchapa nyaraka za zamani, nao huziita "zilizosafishwa". Kusafisha kwao ni kuweka nukta, kufuta safu, na kulazimisha jumla zikubali. Chukulia mfuko wa chumvi uliouzwa pesa 48 mwaka 1903 na hela 75 mwaka 1905. Bei haijasogea hata kidogo, zote mbili ni robo tatu ya rupia. Kwenye jedwali "safi" inasomeka 0.48 kisha 0.75, kana kwamba imepanda kwa zaidi ya nusu. Halafu anakuja mtu na mchoro wake, anaeleza kwa ujasiri jinsi Vita vya Maji Maji vilivyopandisha bei ya chumvi. Amepata maelezo ya jambo ambalo halikutokea.

Kipindi cha Mwingereza hakina nafuu. Bei rasmi ya dhahabu London kuanzia 1945 ilikuwa shilingi 172 na peni 3 kwa aunsi, na wanaofuatilia dhahabu ya Lupa huikuta ikiandikwa 172/3. Nimeiona imechapwa 172.3. Shilingi ya Uingereza ilikuwa na peni 12, hivyo peni 3 ni robo, na namba sahihi ni 172.25. Lakini shilingi ya Afrika Mashariki ya wakati huohuo ilikuwa na senti 100, kwa hiyo jedwali la Tanganyika lenye pauni, shilingi na senti linagawanywa kwa 20 kisha kwa 100, na la London kwa 20 kisha kwa 12. Anayekuuzia fomula moja ya kugeuza "hela zote za kikoloni" hajawahi kujumlisha ukurasa mmoja hadi chini.

Kwa hiyo rudi kwenye faili lako, rudisha safu mbili za asili, na jumla ya karani uichape kama alivyoiandika katika safu yake yenyewe. Ukurasa ambao bado utakataa baada ya kugawa kwa 64, huo ndio wa kutafutia kosa la mkono.