Intavyuu kwa Kihispania: uzoefu, uwezo na udhaifu, nilivyomwandaa binti wa Kilwa mpaka akapata kazi

Juzi jioni nimepokea voisi kutoka Kilwa Masoko, binti analia na kucheka humo humo, "dada nimepata, dada wamenichukua!" Nimeisikiliza mara kadhaa na sioni aibu kusema najivunia. Kampuni ni ya watu wa Hispania wanaoleta wageni pwani ya kusini, intavyuu ilikuwa ya video kwa simu, yote kwa Kihispania, na yeye hajawahi kukanyaga darasa la lugha hiyo zaidi ya mimi kumfundisha kwa wasapu usiku bando likiwa bado lipo.

Mimi mwenyewe Kihispania nilikipata Unguja nilipokuwa mapokezi hotelini, hiyo ni hadithi ndefu naiacha. Ila niseme moja linaloniuma mpaka leo. Kuna kampuni iliniita intavyuu, sitaitaja, yule bosi akasoma kwenye sivii kwamba natokea Lindi akatabasamu vile vya dharau, kisha maswali yote akauliza kwa Kiingereza, kana kwamba Kihispania nilichoandika ni urembo tu wa karatasi. Sikupewa hata nafasi ya kufungua mdomo. Ndo maana nikimpata mtu wa huku kwetu anayetaka kujaribu nampa usiku wangu bila kumdai hata shilingi, na ndo maana leo naandika, kwa sababu tangu habari isambae wengi mmenitumia meseji mkiuliza "ulimfundisha nini".

Nilimfundisha maswali matatu tu. Kwa Kihispania wanakuuliza hivi: "Háblame de tu experiencia", yaani nieleze uzoefu wako, halafu "¿Cuáles son tus puntos fuertes?", uko imara wapi, halafu "¿Y tus puntos débiles?", na udhaifu wako je.

Tuanze na uzoefu maana hapo ndo watu wetu wanapotea. Huyu binti alikuwa amefanya kazi gesti, sasa anatembeza wageni Kilwa Kisiwani. Jibu lake la kwanza kwangu lilikuwa "Trabajo en una pensión tres años". Yeye anaona amesema nilifanya kazi gesti miaka mitatu, lakini Mhispania anasikia bado yupo gesti, na hiyo miaka mitatu haelewi aiweke wapi. Kazi iliyokwisha unaisema kwa wakati uliopita na unaipa miaka yake: "De 2019 a 2022 trabajé en la recepción de una casa de huéspedes en Kilwa Masoko". Kazi ambayo bado unaifanya unaisema kwa llevo, ambayo kwa kawaida ni kubeba, ila hapa inafanya kazi ile ile ya sisi tunaposema nina miaka miwili kwenye kazi hii: "Llevo dos años trabajando como guía en Kilwa Kisiwani". Baada ya hapo unataja kilicho mikononi mwako kwa "me encargo de", mimi ndiye nashughulikia: "Me encargo de la barca y explico la Gran Mezquita y el palacio de Husuni Kubwa", yaani nashughulikia boti na kueleza wageni Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa. Sentensi tatu, msailiwa ameshaeleweka alikotoka, alipo na anachofanya.

Sasa shida kubwa ambayo vitabu vingi haviitaji kwa sababu havikuandikwa kwa ajili ya Mswahili. Sisi mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, kitabu, samaki, nimefika, tumezoea hivyo toka utotoni. Kihispania nacho maneno mengi yako hivyo hivyo na ndo maana tunakisoma kirahisi, lakini wakati uliopita wa "mimi" na wa "yeye" kwenye vitenzi vya kawaida mkazo unahamia mwisho kabisa, kile kialama cha juu ya herufi ndo kinakwambia. Ukisema trabajó kwa mkazo wa Kiswahili inageuka trabajo, yaani yeye alifanya kazi inakuwa mimi nafanya kazi. Na kuna mbaya zaidi. Binti alikuwa na mkasa mzuri wa kueleza, akanitumia voisi akisema "llame al capitán, cambie el orden". Alitaka kusema nilimpigia nahodha, nikabadilisha mpangilio. Alichosema ni "mpigie nahodha, badilisha mpangilio", anampa msaili amri! Tofauti ni mkazo tu: llamé, cambié. Nikamwambia kila neno la namna hiyo agonge meza kwenye silabi ya mwisho, ajirekodi, kisha asikilize kama sauti inapanda mwishoni au inaanguka kama ya Kiswahili. Kwa kusoma karatasini huwezi kulijua hili kosa, ni sikio tu.

Matamshi mengine tuna bahati watu wa pwani. Ile c ya experiencia kwa watu wengi wa Hispania ni th ya thamani, j ya trabajo iko karibu na kh ya kheri, ñ ni ny, ll ya llevo itamke y watakuelewa, na d iliyo katikati ya irabu inalegea kama dh. Cha kuangalia ni r na l kwa wale tunaozichanganya, maana pero ni lakini na pelo ni nywele, na kwenye intavyuu utaisema pero sana.

Tuje kwenye uwezo. Hapa mwanamke na mwanaume wanatofautiana, kitu ambacho kwetu hakipo. Kusema una mpangilio, mwanamke ni organizada, mwanaume organizado, na ukiwa na presha unachanganya. Njia ya salama ni kusema "soy una persona organizada", neno persona ni la kike siku zote hata msemaji akiwa na ndevu mpaka kifuani, kwa hiyo sentensi haibadiliki. Halafu kuna mtego ambao dada zangu nawaomba mno muuepuke. Sisi tunasema "niko vizuri kwenye hesabu", ukiihamisha ilivyo unapata "estoy buena", na hiyo kwa Mhispania ni mwanamke anajisifia mwili wake kwamba unatamanisha. Mbele ya wasaili! Sema "se me dan bien los números". Kama uko vizuri kwenye kuongea na watu, "se me da bien tratar con la gente".

Ila sifa tupu haina uzito, lazima uiwekee tukio. Lake lilikuwa la siku wageni walichelewa wakakuta maji yameshakupwa, boti haiwezi kusogea ufukweni. Tukaliandika hivi: "Un día el grupo llegó tarde y la marea ya había bajado. La barca no podía acercarse a la orilla. Llamé al capitán, cambié el orden de la visita, comimos primero en el pueblo y salimos por la tarde, con la marea alta." Yaani walikula kwanza mjini wakavuka jioni maji yamejaa. Angalia vitenzi: llamé na cambié ni yeye peke yake, comimos na salimos ni kundi zima. Mwanzoni alikuwa anasema kila kitu kwa wingi, tulipiga simu, tulibadilisha, kwa sababu kwetu kusema mimi mimi ni majivuno, tumelelewa hivyo na ni malezi mazuri. Lakini msaili anataka kujua wewe ulifanya nini, na Kihispania kinamwonyesha kwenye mwisho wa kitenzi. Ukisema llamamos anaandika kwamba kuna mtu mwingine aliyepiga simu.

Aliongeza na kitu ambacho mimi sikumfundisha, amekitoa kichwani mwake: kwamba Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331 na miaka ya baadaye akafika Granada huko Hispania, kwa hiyo wageni wa Hispania akiwaambia hivyo pale msikitini wanamsikiliza kwa namna nyingine. Wasaili walimwuliza maswali mengi hapo. Huo ndo uwezo wa kazi, mtu anaujua mji wake.

Udhaifu sasa. Wengi wetu tunajibu "sina", tukidhani ni ushindi. Wengine wameokota mtandaoni "soy perfeccionista", yaani napenda kila kitu kikamilike bila kasoro, msaili ameshalisikia hilo mpaka limemchosha. Chagua udhaifu wa kweli ambao hauui kazi unayoomba, useme kwa "me cuesta", yaani kinanipa shida, halafu ueleze unachofanya kuudhibiti. Lake: "Me cuesta decir que no cuando me piden un favor. Por eso apunto en una libreta lo que ya he prometido y la miro antes de aceptar otra cosa." Anashindwa kukataa akiombwa msaada, kwa hiyo anaandika kwenye kidaftari alichokwisha ahidi na kukiangalia kabla hajakubali kingine. Daftari lenyewe lipo kweli, msaili alimwomba alionyeshe kwenye kamera akalionyesha. Angekuwa ametunga angeumbuka. Na msiseme "yo cuesto", hiyo ni kutaja kwamba wewe unauzwa bei fulani. Ni me cuesta. Kama shida ilikuwa zamani na sasa imepungua, "al principio me costaba".

Jamani msikariri jibu zima kama shairi la shule. Msaili atakukata katikati, "¿y qué hacías exactamente?", na ulikuwa unafanya nini hasa, na aliyekariri hapo anarudi mwanzo wa shairi, kila mtu mezani anajua. Kariri sentensi ya kwanza ya kila jibu tu, zilizobaki ziwe tukio unalolijua hata ukiamshwa usingizini. Ukihitaji kupumua sema "pues, a ver", kama sisi tunavyosema "aah, ngoja nione". Usipoelewa usibahatishe, sema "perdone, ¿me lo puede repetir más despacio?", nani kakwambia ni dhambi kuomba mtu arudie taratibu?

Kuhusu heshima, Kihispania kina "wewe" mbili, usted ya heshima na tú ya kuzoeana, anza na usted kama unavyoanza na shikamoo. Watu wa Hispania wengi watakuita tú tangu mwanzo, au watakwambia "podemos tutearnos", tunaweza kuitana tú, hapo hamia tú na ubaki huko huko. Msaili akitoka Amerika ya Kusini mara nyingi usted inadumu zaidi, mfuate yeye. Kuchanganya ndo kunasikika vibaya, "perdone, ¿puedes repetir?", nusu shikamoo nusu mambo vipi, na binti wangu alikuwa anaifanya mpaka siku ya mwisho ya mazoezi, tulimaliza kwa yeye kuandika "perdone, ¿puede?" na "perdona, ¿puedes?" kwenye karatasi mbili na kuzibandika ukutani nyuma ya simu.