Usiijibu barua ya benki kabla hujaandikiwa riba mpya ni ngapi

"Wenzangu, benki imeniandikia kwamba riba ya mkopo wangu wa nyumba inapanda kwa asilimia 1.5. Kwa sasa ni asilimia 13, nimepiga hesabu naona itafika 13.2 tu. Wamenipa nichague: malipo ya mwezi yaongezwe, au yabaki yalivyo na muda urefushwe. Nataka nichague muda, kwa kuwa ongezeko ni dogo. Niko sawa? Na pia kwenye kura za maoni, mgombea aliyekuwa na 40 wakisema kapanda asilimia 5, ana 45 au 42?"

Usitie sahihi. Riba yako inakwenda 14.5, si 13.2. Ulichofanya ni kutafuta asilimia 1.5 ya ile 13, ukapata kitu kidogo, ukakijumlisha. Benki haihesabu hivyo. Benki inachukua 13 na kuiongezea 1.5 nzima. Hizo zinaitwa pointi za asilimia, na ingalikuwa barua imeandikwa na mtu anayekujali, neno "pointi" lingekuwemo.

Nakuandikia kwa haraka kwa sababu hesabu yako ndiyo niliyoifanya mimi, mstari kwa mstari. Desemba 2023 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake kutoka 10.5 hadi 12.5. Mwezi uliofuata nikapata barua kama yako: riba ya mkopo wako itapanda kwa asilimia 2. Nilikuwa nadaiwa shilingi milioni 3 kamili, imebaki miaka 10, riba asilimia 14, malipo ya mwezi 46,580. Nikazidisha 14 mara 1.02, nikapata 14.28. Nikampigia afisa wa mikopo, akaniambia, "Ni asilimia mbili tu, hutaihisi." Mwenzangu mmoja katika kundi letu la wasapu, mtu wa mahesabu kwa kazi yake, naye akaipitisha ile 14.28 bila kuuliza swali. Afisa yule sijamsamehe mpaka leo. Alikuwa na riba mpya mbele yake kwenye kompyuta. Kusema "kumi na sita" kungemchukua muda mfupi kuliko kusema "hutaihisi".

Sasa tazama kilichotokea ndani ya yale malipo, maana hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua. Riba ya mwezi ni deni mara riba ya mwaka, gawanya kwa 12. Kwa asilimia 14, milioni 3 zilikuwa zinakula 35,000 kwa mwezi, na katika 46,580 nilizolipa, 11,580 ndizo zilizokuwa zikipunguza deni lenyewe. Kwa 14.28 niliyoiota, riba ingekuwa 35,700. Kwa 16 ya kweli ikawa 40,000. Nilikuwa nimechagua kama unavyotaka kuchagua wewe, malipo yabaki yalivyo, kwa hiyo sehemu inayopunguza deni ikashuka kutoka 11,580 hadi 6,580. Pointi mbili za riba zimekata karibu nusu ya mwendo wa kulipa deni.

Kwa 14.28 muda ungeongezeka miezi 3. Nilijiambia miezi mitatu si kitu. Kwa 16 muda ulitoka miezi 120 hadi 148. Miezi 28 zaidi, kila mwezi 46,580, ni karibu milioni 1.3. Ningekubali malipo yapande, ningelipa 50,254 kwa mwezi, yaani 3,674 zaidi, na katika miaka 10 nyongeza yote ingekuwa kama 441,000. Niliambiwa nichague kati ya njia hizi mbili na nikachagua ile iliyo ghali mara tatu, kwa sababu nilidhani zote ni ndogo.

Na hilo silo lililonigharimu zaidi. Wakati barua inafika nilikuwa na shilingi 350,000 mkononi, akiba ya miaka miwili. Mke wangu alisema tuziingize kwenye mkopo. Mimi nikasema riba imepanda kidogo sana, haina haja, tujenge ukuta wa uani. Tukajenga. Baadaye nilipokaa na hesabu kwa utulivu nikaona hivi: kama ningezipeleka benki siku ile ile, deni lingekuwa 2,650,000, na kwa riba hiyo hiyo ya 16 na malipo yale yale ya 46,580, ningemaliza kwa miezi 108. Soma tena. Miezi 108 badala ya 148. Laki tatu na nusu zingefuta miezi 40 ya malipo, karibu shilingi milioni 1.9. Ukuta ule kila nikiupita naujua bei yake.

Kwa nini fedha kidogo hivyo ifute miezi mingi hivyo? Kwa sababu sehemu inayopunguza deni ilikuwa imebaki nyembamba mno, 6,580 kwa mwezi. Laki tatu na nusu zingeondoa riba ya 4,667 kila mwezi, na yote hiyo ingehamia kupunguza deni. Riba ikiwa imekaribia kula malipo yote, kila shilingi unayoipunguza kwenye deni inafanya kazi kubwa. Kwa 14.28 nisingeliona hilo hata kidogo, ndiyo maana nasema kosa la kusoma asilimia liliharibu maamuzi mengine yote yaliyofuata.

Niligundua mwaka mmoja baadaye. Riba ya Benki Kuu ilikuwa imeshuka hadi 11.25 Desemba 2024, nikaenda kuuliza yangu itashuka lini. Nikaomba taarifa ya mkopo. Deni lilikuwa limepungua 85,000 tu kwa mwaka mzima. Kwa hesabu yangu ya 14.28 lilipaswa kupungua kama 139,000. Nikarudi kwenye mstari wa kwanza wa riba, Februari 2024, nikaona 40,000. Hapo hapo nikajua, kwa sababu 40,000 mara 12 ni 480,000, na 480,000 juu ya milioni 3 ni asilimia 16. Unaweza kujikagua kwa njia hiyo wakati wowote: riba ya mwezi mara 12, gawanya kwa deni. Usingoje mwaka kama mimi. Kurudi kwenye muda wangu wa awali kulitaka malipo ya karibu 51,090 kwa mwezi.

Sasa sheria yangu, na hii nitaisema mpaka nichoke: usikubali kuambiwa riba imebadilika kwa kiasi gani. Uliza imetoka ngapi inakwenda ngapi. Namba mbili, kwa maandishi. Ukishakuwa nazo, utata wote unakwisha, kwa sababu tofauti utaitafuta mwenyewe. Kutoka 14 hadi 16 ni pointi 2. Ni kweli pia kwamba ni ongezeko la asilimia 14.3, maana 2 gawanya kwa 14 ni 0.143, na hiyo nayo ina maana yake: bili ya riba ilitoka 35,000 ikawa 40,000, imekuwa nzito kwa asilimia 14.3. Malipo yote ya mwezi, kama ningekubali yapande, yangeongezeka kwa asilimia 7.9 tu kwa kuwa ndani yake kuna deni lenyewe. Namba tatu tofauti kwa badiliko moja, na zote ni za kweli. Anayetaka ulione dogo atakutajia ile 2. Riba ikishuka, anayetaka ulione kubwa atatumia asilimia ya mabadiliko. Riba ya Benki Kuu ilipotoka 13 hadi 9.5 kati ya 2024 na 2025, ungeweza kusema imeshuka pointi 3.5, au imeshuka asilimia 27, na hujadanganya.

Usidhani ni wewe na mimi tu tunaochanganyikiwa. Sheria ya 2016 iliyobana riba za mabenki Kenya ilisemwa mitaani kuwa "asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu". Riba ya Benki Kuu ilikuwa 10.5, na kikomo kikawa 14.5. Mtu aliyesoma kama tulivyosoma mimi na wewe angepata asilimia 4 ya 10.5 na kusema kikomo ni 10.92. Inapozungumzwa riba, "kuongeza asilimia kadhaa" karibu kila mara ni kujumlisha pointi. Wale wa benki wakiongea wao kwa wao huepuka utata kabisa: hugawanya pointi moja mara mia, kwa hiyo ongezeko la Desemba 2023 kwao lilikuwa 200. Lugha safi wanayo. Sisi ndio tunaoandikiwa ile chafu.

Barua yako, basi. Kila milioni moja unayodaiwa, pointi 1.5 ni shilingi 1,250 zaidi za riba kwa mwezi. Kwa hesabu yako ilikuwa kama 163. Fungua Eksel uweke deni lako, riba mpya na malipo yako. Hii hapa yangu:

```
=NPER(16%/12, -46580, 3000000)
=PMT(16%/12, 120, -3000000)
```

Mstari wa kwanza unakupa idadi ya miezi ukibaki na malipo yale yale, wa pili unakupa malipo mapya ukibaki na muda ule ule. Badilisha 16% iwe 14.5%. Kisha punguza deni kwa akiba yoyote uliyo nayo, uone miezi inavyoporomoka, kabla hujaitumia akiba hiyo kwa jambo lingine. Uliza pia kama wanatoza ada ukilipa mapema, kwa sababu ada hiyo lazima iingie kwenye hesabu.

Kwa ile ya mgombea, gazeti likinyamaza huwezi kujua, ingawa mara nyingi wanamaanisha 45. Tafuta zile namba mbili.

Andika barua pepe leo, siyo simu, uwaulize: "Kuanzia tarehe ipi riba yangu itakuwa asilimia ngapi, na muda mpya utakuwa miezi mingapi?" Na utuambie hapa, wamekupa mpaka tarehe ngapi kujibu, na unadaiwa kiasi gani?