Pima kebo ya antena kabla hujabomoa ukuta

Hapa Tanga, ukitoka Deep Sea hadi Raskazone, redio nyingi za VHF za kuongea na vyombo vya baharini huunganishwa na antena kwa kebo ya RG-58. Redio ikinyamaza, fundi wengi hukimbilia kubadili redio, kisha antena, kisha wanaanza kuchimbua ukuta. Ushauri wangu ni kwamba mita yenye uwezo wa kupima kapasitansi ikae mfukoni kabla ya nyundo.

Kebo ya aina hii ina waya wa kati, plastiki, halafu wavu wa shaba unaoizunguka. Waya na wavu vinatazamana mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kila mita ya kebo ni kapasita ndogo. Tena mkondo unaokwenda kwa waya wa kati na kurudi kwa wavu hujenga usumaku katikati yao, kwa hiyo kila mita ina indaktansi yake pia. Tukiita nusu kipenyo cha waya wa kati a, na cha wavu kwa ndani b, indaktansi ya kila mita L, kapasitansi yake C, mwendo wa wimbi v, na uwezo wa plastiki kuongeza kapasitansi εr (μ0 na ε0 ni namba zisizobadilika):

```
L = (μ0 / 2π) · ln(b/a)
C = 2π · ε0 · εr / ln(b/a)
v = 1 / √(L·C)
```

Zidisha L kwa C uone: ln(b/a) ya juu inafutana na ya chini. Vipimo vya kebo vinatoweka kabisa, inabaki plastiki tu, yaani εr. Ndiyo maana huwa nabishana na wanaosema kebo nene inapeleka mawimbi haraka zaidi. RG-213 ni nene karibu mara mbili ya RG-58, lakini zote zina polithini ngumu yenye εr ya karibu 2.25, na mwendo wake ni ule ule. Faida ya unene ni kwamba nguvu inayopotea njiani hupungua.

Kwa RG-58, kila mita ina takriban pikofaradi 100 na mikrohenri 0.25. Ukiweka kwenye kanuni unapata mita milioni 200 kwa sekunde, kama asilimia 66 ya mwendo wa mwanga. Yaani wimbi hutumia nanosekunde 5 kwa kila mita. Na mzizi wa L/C unakupa zile omu 50 zilizoandikwa kwenye ganda.

Sasa tuseme una kebo ya mita 25 iliyopita ndani ya ukuta, na waya wa kati umekatika mahali usipopaona. Fungua ncha zote mbili. Usiache antena ikining'inia, maana antena nyingi zina shoti ya makusudi kwa umeme wa DC na itakudanganya. Anza na omu: kati ya waya na wavu mita isionyeshe njia yoyote. Kisha hamia kapasitansi, futa kwanza ile ya nyaya za mita yenyewe, upime. Ikisoma nanofaradi 1.4, gawa kwa pikofaradi 100: mkato uko mita 14 kutoka hapo ulipo. Nenda ncha ya pili. Ukipata 1.1, ni mita 11, na jumla inatimia 25. Hapo chimba kwa amani.

Jumla ikizidi urefu halisi, shuku maji. Mimi huanza kutazama kiungio cha juu kwenye antena, kwani chumvi ya bahari hula wavu na mvua hufuata humo humo. Kebo za povu, kama RG-6 ya dishi, ndizo huumia zaidi, kwa sababu maji yakiingia kwenye povu εr inapanda sana. Maji si sumaku, kwa hiyo L haisogei. C peke yake inapanda. Kipande ambacho C yake imeongezeka mara mbili kitapunguza mwendo kwa karibu asilimia 30, na omu zake zitashuka kwa kiwango hicho hicho. Mawimbi yakifika hapo, sehemu yake hurudi redioni.

Kebo za bei rahisi hazifuati maandishi yake kila mara. Nunua, kata kipande cha mita 5 au 10, kipime na ugawe, uandike namba hiyo kwenye ganda.

Kebo yenye shoti haipimwi kwa kapasitansi. Hapo panahitajika kifaa kinachotuma mpigo na kuhesabu muda wa kurudi, nanosekunde 10 kwa kila mita ya RG-58, kwenda na kurudi. Angalia tu asilimia ya mwendo aliyoiacha mtumiaji wa mwisho. Ikiwa imebaki 82 ya kebo ya dishi, shoti iliyo mita 14 itaonekana iko mita 17 na zaidi, nawe utakuwa umetoboa chumba cha jirani.