Rudisha kizibo ulipokitoa

Nilipokuwa bado mgeni kwenye kazi hii niliandika kamchezo ka simu. Mchezaji anapewa herufi chache zilizovurugwa, naye anatafuta maneno yanayopatikana humo. Ili mchezo ujue majibu sahihi, programu ilitakiwa kuzalisha kila mpangilio wa herufi hizo, kisha kuulinganisha na orodha ya maneno ya Kiswahili. Niliijaribu kwa herufi mbili ikatoa mipangilio miwili. Nikaijaribu kwa tatu, nikahesabu mistari: sita, kama hesabu inavyodai. Nikaridhika.

Rafiki yangu akapewa UMA. Akaandika "mua". Mchezo ukamwambia hakuna neno kama hilo. Alinicheka jioni nzima, akaniuliza kama huko kwetu miwa hailimwi.

Kosa lilikuwa mstari mmoja ambao sikuuandika, na nimeona wengi wanaoanza wakiuacha vilevile. Programu nzima ni fupi, tazama ilivyopaswa kuwa:

```python
def panga(h, k):
    if k == len(h):
        print("".join(h))
        return
    for i in range(k, len(h)):
        h[k], h[i] = h[i], h[k]
        panga(h, k + 1)
        h[k], h[i] = h[i], h[k]

panga(list("UMA"), 0)
```

`h` ni orodha ya herufi. `k` ni nafasi tunayoijaza sasa hivi, tukihesabu kuanzia 0. Herufi zilizo kushoto kwa `k` zimeshakaa, hatuzigusi; zilizobaki, kuanzia `k` kwenda kulia, kila moja inapewa zamu ya kukalia nafasi `k`. Ikishakaa, fanksheni inajiita yenyewe ishughulikie nafasi inayofuata. `k` ikifika mwisho hakuna cha kujaza tena, tunachapa. Ile `list("UMA")` si pambo: katika Python huwezi kubadilisha herufi ndani ya neno lenyewe, utapata `TypeError: 'str' object does not support item assignment`.

Mstari wa mwisho wa kitanzi ndio niliouacha. Unafanana kabisa na ule wa juu, ndiyo maana jicho la mgeni linaudhania kuwa marudio. Kubadilishana nafasi mara mbili kwa jozi ileile kunarudisha mambo yalivyokuwa, kwa hiyo mstari uleule unafanya na kutengua.

Usiniamini kwa maneno. Tafuta vizibo vitatu vya soda, andika U, M na A juu yake, uvipange mezani. Sasa wewe ndiye kompyuta.

Anza na `k` ikiwa 0. Zamu ya kwanza `i` ni 0, U inabadilishana na yenyewe, hakuna kinachosogea. Ingia ngazi ya pili, `k` ni 1: M inakaa, unapata UMA. Kisha M na A zinabadilishana, unapata UAM. Kabla ya kutoka ngazi hiyo, zirudishe: meza inasomeka UMA tena. Umerudi ngazi ya kwanza, `i` ni 1. Badilisha kizibo cha nafasi 0 na cha nafasi 1, yaani U na M. Meza ni MUA. Ngazi ya pili inakupa MUA na MAU, kisha inarudisha. Ukitoka tengua tena, UMA. Zamu ya mwisho `i` ni 2, U na A zinabadilishana: AMU, halafu AUM. Jumla sita, kila herufi imeongoza mara mbili.

Rudia zoezi lilelile bila kutengua chochote, hapo ndipo utaona nilivyoumbuka. UMA, kisha UAM. Unatoka ngazi ya pili huku meza ikisomeka UAM, si UMA. Kitanzi cha ngazi ya kwanza hakijui hilo. Kinasema badilisha nafasi 0 na 1, kikidhani nafasi 1 bado ina M. Lakini M imeshahamia mwisho. Iliyopo pale ni A. Unapata AUM, kisha AMU. Sasa meza ni AMU, kitanzi kinasema badilisha 0 na 2: meza inarudi kuwa UMA. Unachapa UMA, kisha UAM, yaani mipangilio miwili ileile ya mwanzo.

Orodha yote basi ni UMA, UAM, AUM, AMU, UMA, UAM. Mistari sita! M haikuongoza hata mara moja, "mua" haipo, na idadi iko sawasawa. Hili ndilo linalofanya kosa hili liwe la kishenzi kidogo. Halivunji programu, halitoi ujumbe mwekundu, wala halipunguzi idadi, maana kitanzi kinazunguka mara zilezile. Kinachoharibika ni nani anayekaa kiti wakati wa zamu yake. Na kwa herufi mbili halionekani kabisa, kwa sababu kufikia wakati ambapo kutengua kungehitajika kazi imeshakwisha.

Kwa hiyo kuhesabu mistari hakutoshi. Weka matokeo kwenye `set`, ambayo haikubali marudio, ndipo uhesabu. Programu yangu mbovu ingetoa 4 badala ya 6. Kuna kipimo kingine ninachokipenda zaidi kwa sababu kinashika chanzo chenyewe: chapa `h` baada ya fanksheni kumaliza kila kitu. Ikiwa imetengua vizuri utakuta UMA, kama ulivyoingiza. Ukikuta UAM, kuna mahali kizibo hakikurudishwa. Ichukulie fanksheni hii kama mtu aliyeazima meza yako: anaweza kuvuruga atakavyo, ila akiondoka aiache kama alivyoikuta. Aliyemwita anategemea hilo, na aliyemwita ni fanksheni hiyohiyo, ngazi moja juu.

Wanaokwepa mstari wa kutengua mara nyingi hujikwaa kwa njia nyingine: wanaweka `return` katikati ya kitanzi. Unatafuta mpangilio mmoja tu, ukiupata unataka kusimama, basi unaandika `return True` kabla ya kurudisha. Kama hutaitumia tena orodha ile, sawa. Kama utaitumia, umeondoka na meza imevurugika. Rudisha kwanza, halafu ondoka.

Ukishazoea kuchapa, utataka kuyahifadhi matokeo. Hapa kuna mtego ambao hunichekesha kila mara, kwa sababu anayenaswa ni yule aliyetengua vizuri. Anaandika `matokeo.append(h)` mahali pa `print`, kisha anafungua `matokeo` na kukuta `['U', 'M', 'A']` mara sita. Anaanza kulaumu kutengua. Kutengua hakuna hatia. `h` ni orodha moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Alichohifadhi mara sita ni njia ya kuifikia orodha hiyohiyo, na baada ya kazi orodha imerudi kuwa UMA. Ni kama kupiga simu sita kwa mtu mmoja ukidhani umeongea na watu sita. Hifadhi nakala: `matokeo.append("".join(h))`, au `h[:]` ukitaka ibaki orodha.

Mpangilio wa matokeo nao usikushtue. AMU imetoka kabla ya AUM, hapo alfabeti imefuatwa; lakini UMA imetoka kabla ya UAM, na U imetangulia M. Hata ukiingiza herufi zikiwa tayari kialfabeti, mfano ABC, mwisho utapata CBA kabla ya CAB. Kubadilishana nafasi hakuhifadhi mfuatano. Mwalimu akidai matokeo ya kialfabeti, yapange mwishoni kwa `sorted`, usihangaike na kitanzi.

Sasa ipe programu herufi za MAMA. Programu itachapa mistari 24, ambayo mingi ni marudio, kwa sababu kwake M ya kwanza na M ya pili ni vizibo viwili tofauti. Mipangilio inayotofautiana kwa macho ni 6 tu. Dawa ya kwanza inayomjia kila mtu ni kulinganisha na herufi iliyopo: kama `i` si `k` na `h[i]` ni sawa na `h[k]`, ruka. Nimeijaribu. Kwa MAMA inatoa mistari 11. Inazuia M kubadilishana na M, lakini haizuii A ya nafasi 1 na A ya nafasi 3 kupewa zamu ya kuongoza kila moja kwa wakati wake, na zote mbili zinaongoza vilevile. Unachotaka kukumbuka ni herufi zipi zimeshakalia nafasi hii, basi badilisha kitanzi cha mwanzo kiwe hivi:

```python
    zimekaa = set()
    for i in range(k, len(h)):
        if h[i] in zimekaa:
            continue
        zimekaa.add(h[i])
        h[k], h[i] = h[i], h[k]
        panga(h, k + 1)
        h[k], h[i] = h[i], h[k]
```

Sasa zinatoka sita: MAMA, MAAM, MMAA, AMMA, AMAM, AAMM. Angalia kwamba `zimekaa` inazaliwa ndani ya fanksheni, kila ngazi na yake. Ukiiweka nje ili ngazi zote zitumie moja, ngazi ya pili itakataa M kwa sababu ya kwanza imeshaitumia, na hutapata neno hata moja.

Swali la ukubwa utaulizwa, basi: herufi 8 ni mipangilio 40,320, herufi 10 ni 3,628,800, na herufi 12 ni 479,001,600. Kumbukumbu ya kompyuta haitakulemea ukichapa tu, maana ngazi zilizofunguliwa kwa wakati mmoja hazizidi idadi ya herufi jumlisha moja. Kinachokwisha ni muda. Kwa Python mimi huishia 9 au 10, zaidi ya hapo ninabadilisha njia.

Na mchezo wangu? Niliurekebisha kwa mstari ule mmoja, "mua" ikakubaliwa. Baadaye nikaongeza raundi za herufi tisa na simu ya rafiki yangu ikaanza kuganda. Nikaacha kuzalisha mipangilio kabisa. Siku hizi kila neno la kwenye orodha linapangwa herufi zake kialfabeti mara moja tu, mapema: "uma", "mua" na "amu" zote zinawekwa chini ya AMU. Mchezaji akipewa herufi, ninazipanga na kuangalia chini ya jina hilo. `panga` haitumiki tena kwenye mchezo, ila faili lake ninalo bado, na anayekuja kujifunza kwangu ninampa lile lisilo na mstari wa mwisho, pamoja na vizibo vitatu.